Umeweka namba zako kati ya 0 na 1 halafu picha imetoka ya ajabu: tatizo liko wapi?

Kanuni yenyewe ni fupi sana, ndo maana watu wanaiandika wakiwa wanawaza kitu kingine. Unachukua namba, unatoa ile ndogo kuliko zote, unagawa kwa tofauti ya kubwa na ndogo, unapata kitu kati ya 0 na 1 na unakipeleka kwenye rangi. Halafu unafungua picha unakuta nyeupe tupu, au nyeusi tupu, au mlima umegeuka shimo. Karibu kila mara kanuni haina kosa lolote, kosa liko kwenye namba ulizoilisha au kwenye kile kinachofanyika baada yake.

Ntatumia mfano mmoja mwanzo mpaka mwisho ili tusipotezane: urefu wa ardhi kuzunguka Kilimanjaro. Faili linaitwa `S04E037.hgt`, ni data ya rada iliyopimwa na chombo cha anga Endeavour mwezi wa pili 2000, na jina linakwambia kona ya chini kushoto iko nyuzi 4 kusini na 37 mashariki, kwa hiyo humo ndani kuna Moshi, kuna Kibo, kuna bwawa la Nyumba ya Mungu na ukienda mashariki unavuka mpaka unaingia Taveta. Toleo la kawaida lina mistari 1201 yenye namba 1201 kila mmoja, na kila namba ni mita juu ya usawa wa bahari. Tunataka picha ya kijivu tu, chini kabisa iwe nyeusi, juu kabisa iwe nyeupe.

Ila kabla ya faili zima chukua orodha ndogo ya kujaribia, na huu ndo ushauri ninaousisitiza kuliko mwingine wote: usitafute kosa ndani ya namba milioni moja na laki nne wakati unaweza kulitafuta ndani ya namba sita ambazo jibu lake unalijua. Mimi natumia njia ya Marangu, mita nimezirahisisha kidogo: geti 1860, Mandara 2720, Horombo 3720, kambi ya Kibo 4700, Gilman's 5685, Uhuru 5895. Kubwa toa ndogo ni 4035. Horombo iko 1860 juu ya geti, gawa kwa 4035 unapata 0.461. Geti linakuwa 0, Mandara 0.213, Horombo 0.461, Kibo 0.704, Gilman's 0.948, Uhuru 1. Ziandike pembeni kwenye karatasi. Skripti yako ikikupa kitu kingine kwa namba hizi sita, hakuna haja ya kuhangaika na picha kwanza.

Ikikupa sawa kwa hizi sita lakini picha bado mbaya, chapisha vitu vitatu kabla na baada ya kanuni:

```python
print(a.dtype, a.min(), a.max())
```

Aina ya namba, ndogo kuliko zote, kubwa kuliko zote. Mengi ya chini yanaonekana hapo hapo.

Picha ni chengachenga kama tivii ya zamani isiyoshika stesheni

Hii tuipite haraka maana si kosa la kanuni, ni la usomaji, ila inakuja wa kwanza kwa sababu faili hizi zimeandikwa kwa mpangilio ambao kompyuta zetu nyingi hazitumii. Kila namba ina baiti mbili, na kwenye `.hgt` baiti kubwa inatangulia, wakati kompyuta ya kawaida inategemea ndogo itangulie. Ukisoma kinyume, 5895 ya Uhuru inageuka 1815, na 800 ya pale Moshi inageuka 8195, halafu mita moja tu juu yake, 801, inageuka 8451. Unaona kinachotokea: ardhi inayopanda taratibu inaruka 256 kila hatua, kwa hiyo jicho linaona vurugu. Dalili ni kwamba kubwa kuliko zote inakuja maelfu kwa maelfu juu ya mlima wowote duniani. Dawa ni ile alama ya `>`:

```python
a = np.fromfile("S04E037.hgt", dtype=">i2")
a = a.reshape(1201, 1201)
```

Picha imefifia, kila kitu kijivu cheupe, mlima huuoni

Sasa hapa ndo penye shughuli. Rada ikipita milimani kuna sehemu haioni, mteremko mkali unaficha upande wa pili, na kwenye matoleo ya mwanzo ambayo hayajajazwa sehemu hizo zimeandikwa -32768. Hiyo sio mita, ni alama tu ya kusema hapa hatukupima. Lakini kanuni yako haijui, inaiona ni namba kama nyingine, na kwa kuwa ni ndogo kuliko zote inaikalisha kwenye kiti cha sifuri.

Rudi kwenye orodha yetu ya Marangu uongeze -32768 moja tu. Sasa kubwa toa ndogo sio 4035 tena, ni 38663. Geti linakuwa 0.896, Mandara 0.918, Horombo 0.944, Kibo 0.969, Gilman's 0.995, Uhuru 1. Safari nzima toka msituni mpaka kwenye theluji imebanwa ndani ya sehemu moja ya kumi, na ile sehemu tisa iliyobaki imetengwa kwa ajili ya namba moja ambayo haikuwa hata kipimo. Jicho la mtu halitenganishi vizuri kijivu cha 0.92 na cha 0.94 wakiwa mbalimbali, ndo maana unaona ukungu. Ukiangalia kwa makini utaona pia vidoti vyeusi vimetawanyika milimani, hivyo ndo vyenyewe, mashimo ya rada.

Sio -32768 peke yake. Kuna faili zinatumia -9999, wengine wanatumia 0, na hiyo ya 0 ndo inakera zaidi kwa sababu 0 inaweza ikawa kipimo halali kabisa ukiwa Dar au Tanga ufukweni. Soma maelezo ya data yako, usikisie.

Mlima umegeuka: kilele cheusi kuliko tambarare, au namba zinavuka 1

Hii ni -32768 ile ile ila imekutana na kitu cha pili, na mimi ilinishikilia siku mbili nzima maana nilikuwa nimeshazoea kwamba shimo la data linaleta ukungu, sikutegemea lilete mlima uliopinduka, nikaenda kubadili mpangilio wa rangi mara kumi nikidhani rangi ndo zimegeuzwa.

Kwenye orodha ya kawaida ya Python namba nzima inakua kadri unavyotaka. Kwenye NumPy faili hili linakaa kama namba za biti 16 zenye alama, na kisanduku hicho kinabeba toka -32768 mpaka 32767, basi. Sasa toa: 5895 toa -32768 ni 38663. Haiingii. Inafanya kama mita ya gari la zamani ikipita 99999, inazunguka, na badala ya 38663 unapata -26873. Na kila namba kwenye orodha imezunguka hivyo hivyo. Geti linakuwa -30908, Uhuru -26873, halafu vyote vinagawanywa kwa -26873, hasi kwa hasi inakuwa chanya, na majibu yanatoka hivi: geti 1.150, Mandara 1.118, Horombo 1.081, Kibo 1.044, Gilman's 1.008, Uhuru 1. Yaani geti ndo liko juu na Uhuru ndo chini, na ile -32768 yenyewe inatoka `-0.0`.

Angalia jinsi inavyodanganya. Uhuru bado ni 1 kamili, shimo bado ni 0, kwa hiyo ukijaribu ncha mbili tu unaona zimepita salama. Za katikati ndo zimegeuka. Ukimwaga hizi kwenye rangi kati ya 0 na 1, kila kinachozidi 1 kinakatwa na kuwa cheupe, unapata karatasi nyeupe yenye vidoti vyeusi. Ukizizidisha kwa 255 na kuzilazimisha ziwe baiti moja, 1.150 inakuwa 293, haiingii kwenye 255, na kwenye kompyuta nyingi inazunguka tena kuwa 37, kwa hiyo geti linatoka karibu jeusi wakati Uhuru imebaki nyeupe, ukiangalia hizo mbili tu mpangilio unaonekana kama uko sawa kumbe hesabu nzima ni mbovu.

NumPy haikupi onyo kwenye kutoa arei nzima. Inaweza kukuonya pale kwenye `a.max() - a.min()` kwa sababu hizo ni namba mbili mojamoja, utaona maneno `RuntimeWarning: overflow encountered`. Usiyafute hayo maneno, ni msaada wa pekee unaoupata.

Dawa ya vyote viwili, ukungu na kupinduka, ni kubadilisha aina kwanza kisha kuondoa alama, kwa mpangilio huo:

```python
a = a.astype("float64")
a[a == -32768] = np.nan
```

Ukianza na mstari wa pili utagonga kosa, kwa sababu `nan` haina nafasi ndani ya namba nzima, lazima iwe desimali.

Nimeweka `nan`, sasa picha haina kitu kabisa

Ndiyo, na hii ni hatua ambayo karibu kila mtu anaipitia dakika tano baada ya kutibu ile ya juu. `nan` ikiingia kwenye hesabu inaambukiza. Ukimuuliza `a.min()` na ndani kuna `nan` hata moja, jibu ni `nan`, ukitoa `nan` kwenye kila kitu kila kitu kinakuwa `nan`. Picha nzima inapotea. Tumia `np.nanmin(a)` na `np.nanmax(a)`, hizo zinaziruka.

Halafu kumbuka mwisho wa safari: ukigeuza kuwa baiti kwa ajili ya PNG, `nan` haina baiti yake, mara nyingi inatoka 0, yaani nyeusi, yaani inafanana na bonde la chini kabisa. Mtu akiangalia ramani yako ataona shimo refu pembeni ya Mawenzi na ataamini. Kwa heshima ya huyo mtu, zipe sehemu hizo rangi ya peke yake isiyokuwepo kwenye kijivu, mimi naweka nyekundu wakati wa kukagua na uwazi wakati wa kutoa picha ya mwisho. Kwenye Matplotlib rangi ya `nan` unaiweka kwa `set_bad` kwenye mpangilio wa rangi.

Picha nyeusi yote ila kidoti kimoja cheupe

Au kinyume chake: picha nzuri ila kileleni kuna kidoti cheusi. Ni magonjwa mawili tofauti.

La kwanza ni kugawa kwa namba nzima. Kwenye C au Java, 1860 gawa kwa 4035 ni 0, sio 0.461, kwa sababu inakata desimali. Kila mtu anakuwa 0 isipokuwa aliye sawa na kubwa kuliko zote, huyo anakuwa 1. Geuza kimojawapo kiwe desimali kabla ya kugawa, sio baada, ukigeuza baada umeshachelewa unageuza sifuri tu.

La pili linatoka pale unapozidisha kwa 256 badala ya 255. Unawaza rangi ziko 256, ni kweli ziko 256 lakini zinaanzia 0, ya mwisho ni 255. Uhuru ikiwa 1 kamili, mara 256 ni 256, baiti inazunguka inarudi 0. Kilele chenyewe, mahali penye mita nyingi kuliko pote kwenye picha, kinakuwa cheusi ti, na kwa kuwa ni pikseli moja au mbili unaweza usigundue mpaka mtu akuulize hicho ni nini. Zidisha kwa 255 halafu peleka kwenye namba nzima iliyo karibu kwa `np.round`.

Data ni safi, kanuni iko sawa, lakini picha bado giza

Hapa hakuna kosa, ndo ugumu wake, hakuna mstari wa kurekebisha. Kanuni imefanya ulichoiambia.

Tuseme chini kabisa kwenye faili letu, baada ya kusafisha, ni mita 600 na juu ni 5895. Upana ni 5295. Moshi yenye kama 800 inakuwa 0.038, ukiweka kwenye 255 ni rangi ya 10, kwa jicho ni nyeusi. Vijiji vya juu kwenye migomba, kama mita 1500, vinakuwa 0.17, rangi ya 43, nyeusi pia kwa watu wengi. Sehemu kubwa ya eneo hili ni tambarare na miteremko ya chini, mlima wenye watu wachache na barafu ni kipande kidogo tu, lakini hicho kipande kimechukua asilimia themanini ya rangi zote. Namba moja kubwa ndo imepanga maisha ya nyingine zote.

Njia ya kwanza ni kukata ncha. Badala ya kutumia ndogo na kubwa kabisa, unatumia namba ambayo asilimia 2 ya pikseli ziko chini yake, na ile ambayo asilimia 98 ziko chini yake, na kinachotoka nje ya hapo unakibana kiwe 0 au 1:

```python
chini, juu = np.nanpercentile(a, [2, 98])
```

QGIS wana chaguo hilo hilo, linaitwa `Cumulative count cut`, na 2 mpaka 98 ndo namba wanazoanza nazo. Tuseme kwetu imekuja 650 na 3200. Upana ni 2550, Moshi inakuwa 0.059, wale wa mita 1500 wanakuwa 0.333, rangi ya 85 badala ya 43. Tambarare inafunguka, unaanza kuona mabonde ya mito inayoshuka. Ila umelipa: Horombo yenye 3720 na Uhuru yenye 5895 zote sasa ni 1, nyeupe moja, kreta imepotea kabisa. Kama ramani yako ni ya mashamba na maji, lipa bila wasiwasi. Kama ni ya wapanda mlima umeharibu kitu pekee walichokuja kukitafuta.

Njia ya pili haikati mtu. Unaacha kanuni ya kawaida halafu unachukua kipeuo cha pili cha kila jibu. 0 inabaki 0, 1 inabaki 1, lakini 0.038 inapanda kuwa 0.195 na 0.17 inakuwa 0.412. Chini kunafunguka, juu kunabanwa lakini hakupotei. Bei yake ni kwamba umbali kati ya rangi mbili hausemi tena umbali kati ya mita mbili, hatua ya mita 100 kule chini inaonekana kubwa kuliko mita 100 kule juu, kwa hiyo mtu asipime kwa macho. Mimi kwa milima napendelea hii, kwa sababu msomaji akiona kilele kimefutika anaacha kuamini picha nzima.

Kitu ambacho sikubaliani nacho ni kufuta namba kubwa kwenye data ili picha ipendeze. Kibo sio kosa la kipimo. Mwiba wa pikseli moja wenye mita 9000 katikati ya ziwa ndo kosa, huo futa, lakini kwanza uangalie majirani zake wanasemaje.

Picha mbili zikiwekwa pamoja zina mshono, au Meru inaonekana ndefu sawa na Kilimanjaro

Unachukua faili la jirani, `S04E036.hgt`, lenye Arusha na Mlima Meru, unalipitisha kwenye kanuni ile ile, unaliweka kushoto. Kuna mstari wa wima pale nyuzi 37, na kiwango cha weupe kwenye Meru ni kile kile cha Uhuru.

Sababu ni kwamba kila faili limejipimia kwa rula yake. Meru ni mita 4566, na kwa kuwa ndo kubwa kwenye faili lake imekuwa 1. Uhuru nayo ni 1 kwenye la kwake. Moja ya huku sio moja ya kule. Tuseme faili la Meru chini kabisa ni 850, upana wake unakuwa 3716. Sasa chukua mahali pale mpakani penye mita 900, huko kusini karibu na uwanja wa ndege wa KIA. Kwa faili la kushoto ni 50 gawa 3716, rangi ya 3. Kwa faili la kulia ni 300 gawa 5295, rangi ya 14. Na faili hizi zinagawana safu moja ya pikseli pale mpakani, yaani ni namba zile zile kabisa, mita zile zile, zimepakwa rangi mbili.

Halafu panda kaskazini mpaka penye mita 1400: kushoto inatoka 38, kulia 39. Mshono haupo! Ndo maana watu wanasema tatizo linakuja na kuondoka, wanaanza kushuku faili limeharibika upande wa kusini. Rula mbili zenye mwanzo tofauti na hatua tofauti lazima zikutane mahali fulani, na hapo zinapokutana unaona hakuna tatizo.

Dawa: tafuta ndogo na kubwa kwa mafaili yote kwa pamoja kwanza, kisha ndo uanze kugawa. Kwa 600 na 5895, Meru inakuwa 0.749, rangi ya 191, kijivu chepesi chini ya mwenzake kama inavyotakiwa. Na ukijua kesho utaongeza faili la tatu, bora uchague ncha mwenyewe toka mwanzo, kwa mfano 0 mpaka 6000 kwa Tanzania yote, kwa sababu faili jipya likija na namba ndogo zaidi itabidi upake upya yote uliyokwisha kupaka. Mambo ni yale yale kwa picha zinazofuatana kama video: ukipima kila fremu kivyake, mwanga utakuwa unapepesa bila kitu chochote kubadilika ardhini.

Sasa kuna mtego umekaa ndani ya dawa hii. Unafanya yote hayo, unaita `imshow` kwa kila faili, na mshono uko pale pale, hakuna kilichobadilika hata kidogo. Matplotlib usipoiambia kitu inatafuta yenyewe ndogo na kubwa ya kile ulichoipa na kukipima upya toka 0 mpaka 1. Kwa hiyo Meru yako ya 0.749 imenyanyuliwa tena mpaka 1 mgongoni kwako. Iambie ncha:

```python
plt.imshow(picha, cmap="gray", vmin=0, vmax=1)
```

Ukweli ni kwamba kama unatumia Matplotlib tu unaweza kuacha kanuni yako kabisa, ukaipa mita zenyewe na `vmin=600, vmax=5895`, na faida yake ni kwamba upau wa rangi pembeni utaandika mita badala ya 0.2, 0.4, 0.6 ambazo msomaji hazimwambii kitu.

Umekata kipande kidogo na kimetoka tupu

Ukikata kipande katikati ya bwawa au ziwa, matoleo yaliyosafishwa yamelaza maji yawe na urefu mmoja, kwa hiyo kubwa na ndogo ni namba moja na unagawa kwa sifuri. NumPy inakupa `nan` na onyo, Python ya kawaida inasimama na `ZeroDivisionError`. Kihesabu hakuna jibu hapo, swali lenyewe halina maana, lazima uamue wewe. Mimi naweka 0.5, kijivu cha katikati, kwa sababu 0 ingesema hapa ni chini kabisa na 1 ingesema ni juu kabisa na vyote viwili ni uongo. Kipande chote kikiwa mashimo, kiache kiwe `nan`.

Hii ndo ninayoitumia sasa, ncha zinatoka nje, hazitafutwi humo ndani, ili nilazimike kuzichagua kila mara:

```python
def pima(a, chini, juu):
    a = np.asarray(a, dtype="float64")
    if juu <= chini:
        return np.where(np.isnan(a), np.nan, 0.5)
    return np.clip((a - chini) / (juu - chini), 0, 1)
```

Ile `np.clip` ya mwisho inakata waliozidi ncha, na pia inakinga vile vijinamba kama 1.0000000000000002 vinavyotokea pale mtu anapoandika kanuni kwa kuzidisha na kujumlisha badala ya kutoa na kugawa, `nan` inaipitisha bila kuigusa. Mashimo ya -32768 uwe umeshayatoa kabla ya kufika hapa, na zile ncha mbili uzihifadhi pamoja na picha, kwenye jina la faili au kwenye faili dogo la pembeni, maana bila hizo hakuna anayeweza kurudi kwenye mita. Ukiwa nazo ni rahisi: mtu akikuletea 0.461 toka kwenye orodha ya Marangu, zidisha kwa 4035, jumlisha 1860, unapata 3720.1, uko Horombo.